Nauza mafuta ya "feromoni" Kariakoo. Je, harufu, sauti na sura huvuta mtu kweli au nimeuziwa maneno?

BintiUdi

Wakuu, salaam. Nauza marashi na udi Kariakoo, kwenye kibanda alichokianzisha marehemu mama yangu. Mwezi uliopita mtu anayeniletea mzigo alinishawishi nichukue chupa 30 za mafuta yanayoitwa feromoni. Ni kichupa cha mililita 10, mimi nakinunua 22,000 na kukiuza 35,000. Ndani ya kasha kuna karatasi inayosema wanasayansi wamethibitisha kwamba mwanamume na mwanamke huvutana kwa mambo matatu: harufu ya mwili, uzito wa sauti na ulinganifu wa uso. Sauti na uso umezaliwa navyo, inasema, lakini harufu unaweza kuinunua, nayo imo ndani ya chupa hii.

Nimeshauza 11, na wateja wanne wamerudi kunisifu. Ila juzi alikuja dada anayeuza mboga Ilala, akanihesabia ile 35,000 kwa noti za elfu moja moja na elfu mbili mbili, zingine bado zina unyevu wa mchicha. Kabla hajaondoka akaniuliza, "Dada, mume wangu ataanza kulala nyumbani?" Nikamjibu ataanza. Usiku ule sikupata usingizi. Mwenye elimu ya mambo haya naomba aniambie ukweli, kwa sababu nina chupa 19 zimebaki na sijui niziuze kwa maneno gani.

Kijana_wa_Sinza

Dada, lala usingizi wako. Hilo limeshathibitishwa zamani. Kule Uswisi waliwavalisha wanaume fulana, wakazichukua zikiwa na jasho, wakawapa wanawake wanuse. Wanawake walizipenda zaidi fulana za wanaume ambao jeni zao za kinga ya mwili hazifanani na zao, ili mtoto atakayezaliwa arithi kinga pana. Pua inachagua kabla akili haijajua. Mafuta yako yanafanya kazi hiyohiyo, uza.

Msafi01

Kwa harufu ya kwapa usitumie mafuta, yanazidisha. Chukua shabu, ile ya jiwe jeupe, ilowanishe na upake baada ya kuoga. Miaka sita sijanuka.

MwalimuMstaafu

BintiUdi, nimefundisha baiolojia sekondari miaka 31, na somo hili nimelifuatilia hata baada ya kustaafu. Kijana wa Sinza kasimulia jaribio la kweli, ila amelifunga kwenye chupa ambayo halihusiani nayo. Ngoja nilieleze vizuri.

Jaribio ni la Claus Wedekind na wenzake, Chuo Kikuu cha Bern, mwaka 1995. Wanaume 44 walipewa fulana za pamba walale nazo usiku mbili. Walipewa sabuni isiyo na manukato, wakakatazwa sigara, marashi na vyakula vyenye viungo vikali, ili kwenye fulana ibaki harufu ya mwili peke yake. Kisha wanawake 49 walinusa fulana zilizowekwa ndani ya maboksi yenye tundu. Kila mwanamke alinusa za wanaume watatu ambao jeni zao za kinga, zile zinazoitwa HLA, zinakaribiana na zake, na za watatu ambao ziko mbali na zake. Alitakiwa aseme kila harufu inapendeza kiasi gani. Wale wasiotumia vidonge vya uzazi wa mpango walizipenda zaidi za wanaume walio mbali nao kijeni. Waliokuwa kwenye vidonge matokeo yao yaligeuka kinyume.

Sasa tuseme jaribio lile ni sahihi kwa asilimia mia. Lingemaanisha kwamba harufu inayomvutia Asha si inayomvutia Rehema, kwa kuwa kila mmoja ana jeni zake. Hakuna harufu moja ya kumvuta kila mtu. Chupa yako ina harufu moja kwa wateja wote 11. Kwa hiyo hata jaribio hilo likisimama imara, linaipinga karatasi ya muuzaji.

Na halijasimama imara kiasi hicho. Watu 44 na 49 ni wachache kwa jambo lenye mchanganyiko mkubwa kama jeni za HLA. Walipolirudia wengine, baadhi waliona kitu, baadhi hawakuona. Mwaka 2020 watafiti walizikusanya tafiti za namna hiyo na kuzipima kwa pamoja, na kwa ujumla upendeleo huo wa harufu haukuonekana. Mimi siwezi kusema jambo hilo halipo kabisa. Nasema kama lipo, ni dogo sana kuliko linavyosimuliwa mitandaoni.

Kijana_wa_Sinza

Mwalimu, shikamoo. Nakubali kuhusu jeni. Lakini feromoni ni kitu kingine, na wanyama wanazo. Nguruwe dume ana harufu mdomoni ambayo jike akiinusa anasimama tuli. Sisi tumekosa nini?

MwalimuMstaafu

Marahaba. Hapo kwa nguruwe uko sawa kabisa. Kemikali yenyewe inaitwa androstenoni, imo kwenye mate ya dume, na wafugaji huinunua ikiwa kwenye kopo la sprei ili kumjua jike aliye tayari kupandwa. Nondo wa hariri naye anayo ya kwake. Kemikali ya jike inayowaita madume ilitambuliwa mwaka 1959 na Adolf Butenandt na wenzake, baada ya kukusanya tezi za nondo kwa mamia ya maelfu. Ndivyo feromoni inavyothibitishwa: unaanza na tabia unayoiona kwa macho, unatafuta kemikali inayoisababisha, unaisafisha hadi ibaki peke yake, kisha unairudisha kwa mnyama uone kama tabia inatokea tena.

Kwa binadamu njia hiyo haikufuatwa. Mwaka 1991 kulikuwa na mkutano Paris uliogharamiwa na kampuni ya EROX, iliyokuwa na maslahi ya kibiashara kwenye kemikali mbili zilizotangazwa pale kama zinazodhaniwa kuwa feromoni za binadamu. Maelezo ya kina ya jinsi zilivyopatikana, na kwa nini hizo badala ya mamia ya kemikali nyingine za jasho, hayakutolewa. Lakini majina yalishatoka, na kwa miaka mingi watafiti wengine wakawa wanazijaribu hizohizo kana kwamba hatua ya kwanza ilishafanyika. Tristram Wyatt wa Oxford aliieleza historia hiyo mwaka 2015. Mwaka 2017 watafiti wa Australia Magharibi waliwanusisha watu kemikali hizo mbili wakiwa wanatazama sura, wakaona hazikubadilisha jinsi watu walivyozipima sura hizo kwa mvuto.

BintiUdi, chungulia kasha lako. Ukikuta neno androstadienoni au estratetraenoli, ndizo hizo.

BintiUdi

Mwalimu, nimechungulia. Neno la kwanza lipo, limeandikwa kwa herufi ndogo chini kabisa. La pili halipo. Mwili umenisisimka.

Lakini wale wanne waliorudi kunisifu? Mmoja ni dereva wa bodaboda, mtu mkweli. Aliniambia tangu aanze kupaka, abiria wa kike wanamzungumzisha. Naye ananidanganya?

MwalimuMstaafu

Hakudanganyi. Anakueleza alichokiona. Kuna jaribio la Uingereza la mwaka 2009 ambalo ningependa ulijue kuliko yote. Wanaume waligawiwa sprei za mwili. Wengine walipata yenye manukato na dawa ya kuzuia harufu, wengine walipata kopo linalofanana nalo lakini halina vitu hivyo. Baada ya siku kadhaa walirekodiwa video. Wanawake walitazama video hizo bila sauti, na bila shaka bila harufu, lakini waliwaona waliopata manukato kuwa wanavutia zaidi. Walipotazama picha zao za mnato, tofauti haikuwapo.

Angalia maana yake. Harufu haikupita kwenye skrini. Kilichopita ni jinsi mtu alivyokaa, alivyoinua uso, alivyojiamini. Dereva wako amejipaka kitu anachokiamini, amekaa vizuri kwenye pikipiki yake, anasalimia watu. Wanamjibu. Marashi ya kawaida anayoyapenda mwenyewe yanaweza kumfanyia vivyo hivyo.

MamaTunu

Naomba niulize la kwangu, samahani kama natoka nje ya mada. Niliolewa nikiwa natumia vidonge vya uzazi wa mpango. Mwaka wa tatu nikaacha ili tupate mtoto. Ndani ya miezi miwili jasho la mume wangu likaanza kunikera, hasa shingoni, mahali nilipokuwa nikipapenda. Nililia. Nilisoma mahali kwamba vidonge vilinidanganya pua, nikachagua mume asiye wangu. Miaka minne nimelibeba hilo moyoni.

MwalimuMstaafu

Mwanangu, pole sana. Hilo ulilosoma limetoka kwenye lile jaribio la 1995, waliokuwa kwenye vidonge walipochagua kinyume. Mwaka 2008 wengine walifanya vizuri zaidi: waliwapima wanawake walewale kabla ya kuanza vidonge na baada. Kabla, hawakuonyesha upendeleo wowote kwa wanaume walio tofauti nao kijeni. Baada ya kuanza, walisogea kidogo kuelekea wanaofanana nao. Kusogea huko ni kwa alama za kupima harufu za fulana. Hakuna mtu aliyefuatwa nyumbani ikaonekana kwamba amekosea mume.

Na kukerwa na harufu kuna sababu nyingi zilizo karibu zaidi. Je, ulishika mimba muda huo?

MamaTunu

Ndiyo. Tunu alizaliwa miezi tisa baada ya hapo. Sikuwahi kuziunganisha tarehe.

MwalimuMstaafu

Mimba changa inawafanya wanawake wengi wachukie harufu walizokuwa wakizipenda, hata ya kitunguu kikikaangwa. Sikuambii ndiyo sababu yako, maana sikuwepo. Nakuambia usimhukumu mumeo kwa fulana za Uswisi.

FundiMitambo

Harufu niwaachie ninyi, mimi nije kwenye sauti. Nina studio ndogo Kinondoni, narekodi matangazo ya biashara. Hili halina ubishi, sauti nzito inashinda. Mteja akitaka tangazo la benki au la gari anaomba besi. Nyuzi za sauti za mwanamume mzima hupiga kama mara 120 kwa sekunde, za mwanamke kama 200. Nikimshusha mtangazaji kidogo tu kwenye kompyuta, akina dada wa ofisini wanageuka. Sayansi imelikubali.

MwalimuMstaafu

Fundi, kwa sauti ushahidi ni mzuri kuliko wa harufu, na utafiti mmoja unaosemwa sana duniani ulifanyika hapahapa Tanzania. Coren Apicella, David Feinberg na Frank Marlowe walikwenda kwa Wahadzabe, karibu na Ziwa Eyasi, na matokeo yakatoka mwaka 2007. Waliwachagua Wahadzabe kwa sababu hawatumii uzazi wa mpango wa kisasa, kwa hiyo idadi ya watoto inaweza kukuonyesha nani amefanikiwa kupata wenza. Waliwarekodi wanaume 49 na wanawake 52 wakitamka neno moja, na neno lenyewe lilikuwa "hujambo". Kisha waliwauliza wamezaa watoto wangapi.

Wanaume wenye sauti nzito walikuwa na watoto wengi zaidi. Kwa wanawake sauti haikuonyesha lolote. Lakini kuna jambo ambalo wasimulizi huliruka: uzito wa sauti haukuhusiana na watoto kufa au kupona. Kama sauti nzito ingekuwa alama ya baba mwenye afya bora ya kurithisha, ungetarajia watoto wake wapone zaidi. Haikuwa hivyo.

Na utafiti wao wa 2009 unaitikisa kauli yako kwamba besi inashinda daima. Wanawake wa Kihadzabe waliokuwa wakinyonyesha walipendelea sauti nyepesi ya kiume. Wasionyonyesha ndio waliopendelea nzito. Mwanamke yuleyule anaweza kuwa upande huu mwaka huu na upande ule mwaka kesho.

FundiMitambo

Hilo la wanaonyonyesha sikulijua. Ila nina swali la ufundi. Ukishusha sauti kwa kupunguza mwendo wa rekodi, hushushi nyuzi peke yake. Unashusha pia mlio wa mdomo na koo, na msikilizaji anamsikia mtu mwenye umbo kubwa zaidi. Mimi huwa nazitenganisha, kwa sababu nimeona mtangazaji mwembamba aliyeshushwa nyuzi tu anasikika kama ana mafua. Kama watafiti hawakutenganisha, hawajui wanawake walipenda nini, uzito au ukubwa wa mtu.

MwalimuMstaafu

Swali zuri. Wanaofanya vizuri hutenganisha, na hutumia sauti ya mtu mmoja iliyopandishwa na kushushwa ili msikilizaji asilinganishe watu wawili. Ila utafiti wa watoto wa 2007 ulitumia sauti zao halisi, na pale huwezi kutenganisha. Mwenye sauti nzito anaweza pia kuwa na kitu kingine kinachowavuta wanawake.

WaMangola

Mimi nimekulia Mang'ola, Wahadzabe ni majirani zetu. Nawaheshimu watafiti, lakini watoto walihesabiwa kwa maneno ya mzazi. Mama anajua aliowazaa. Baba anataja anaoambiwa ni wake. Na kule mwanamume anasifiwa kwa kuwinda. Huenda anayesifika kwa windo anapata wake zaidi, na sauti inafuata tu umbo lake. Halafu "hujambo" ni Kiswahili, wao lugha yao ni Kihadzabe. Mtu akisalimia kwa lugha ya wageni anakaza sauti, nimeona mara nyingi.

MwalimuMstaafu

La windo lina nguvu. Baadaye, mwaka 2017, ilionekana kwamba wanaume wa Kihadzabe wenye sauti nzito wana sifa kubwa zaidi ya uwindaji. Kwa hiyo kipi kinatangulia, sauti au sifa, bado hakijajibiwa. La kukaza sauti sijawahi kulifikiria. Kama wote walikaza sawasawa halitaharibu kitu. Kama wenye aibu walikaza zaidi, litaharibu.

Neema_K

Na uso je? Kuna programu ya simu inakata picha yako katikati, inageuza nusu ya kushoto kuwa uso mzima, kisha nusu ya kulia. Zangu zilitoka za watu wawili tofauti na wote wabaya. Kwenye moja pua ni pana, kwenye nyingine macho yamekaribiana kama yanataka kugusana. Programu ikaniandikia ulinganifu wangu ni 71. Tangu siku hiyo napigia picha upande mmoja tu.

MwalimuMstaafu

Neema, programu hiyo imekuonea. Pua ikiinama hata kidogo, mstari wa katikati haugawi sawa. Nusu moja inachukua sehemu kubwa ya pua, na ukiirudufu unapata pua ya watu wawili. Nusu nyingine inapungukiwa, macho yanasogeleana. Kugeuza kichwa kidogo wakati wa kupiga picha kunatosha kuleta hilo. Hata watafiti wa mwanzo walinaswa na mtego huu: walipotengeneza nyuso za kurudufu, watu walizikataa, ikasemekana ulinganifu hauvutii. Baadaye waliacha kurudufu, wakawa wanasogeza pande zote mbili kukutana katikati. Kwa njia hiyo watu wengi waliipendelea sura iliyolingana, Waingereza na Wahadzabe pia, tena Wahadzabe zaidi.

Kwa hiyo kwamba ulinganifu unapendeza, nakubali. Dai dhaifu ni lile linalofuata, kwamba uso usiolingana ni ushahidi kuwa mwili uliugua utotoni. Mwaka 2014 lilipimwa kwa vijana 4,732 wa eneo la Bristol, Uingereza. Wakiwa na miaka 15 nyuso zao zilichukuliwa vipimo vya pande zote, na rekodi za maradhi yao zilikuwapo tangu wadogo. Waliougua sana hawakuwa na nyuso zisizolingana kuliko wenzao. Na ule utafiti wa wacheza muziki wa Jamaika, uliosema wenye miili iliyolingana hucheza vizuri zaidi, ulitoka kwenye jarida la Nature mwaka 2005 na jarida likaufuta mwaka 2013. Bado utaukuta unasimuliwa.

Neema_K

Asante mwalimu. Ni kweli kichwa nilikiinamisha, nilikuwa kitandani.

BintiUdi

Wakuu, zimepita wiki tatu, narudi na mrejesho. Nilifungua chupa mbili za feromoni, nikazigawa kwenye vichupa vitano. Vingine vitano nikavijaza mafuta yangu ya udi, ya rangi ileile na yanayonukia karibu sawa. Mdogo wangu aliviandika namba 1 hadi 10 mimi nikiwa nje, akaficha orodha. Niliwapa wateja kumi bure, nikawaambia wazi kwamba nusu ni feromoni na nusu ni udi wa kawaida na hata mimi sijui ipi ni ipi. Baada ya wiki mbili niliwauliza kama wameona mabadiliko kwa watu.

Waliopata feromoni, wanne kati ya watano walisema ndiyo. Waliopata udi, watatu kati ya watano walisema ndiyo. Aliyesifu kuliko wote, mpaka akaniletea maembe, alikuwa na namba 7. Namba 7 ni udi.

Kijana_wa_Sinza

Wanne kwa watatu. Feromoni imeongoza, dada.

MwalimuMstaafu

Imeongoza kwa mtu mmoja. Mtu huyo mmoja angeamka vibaya siku ya kuulizwa, wangekuwa sare. Kwa watu kumi huwezi kuiona tofauti ndogo hata kama ipo, kwa hiyo usitangaze kwamba umethibitisha haifanyi kazi. Ulichokiona ni kwamba sifa wanazokuletea wateja huja hata bila feromoni. BintiUdi, kuficha ile orodha hata wewe usiijue ni kazi nzuri sana. Darasani ningekupa alama zote.

WaMangola

Ungeuliza pia wenza wao, si wao tu.

BintiUdi

Kweli, hilo sikulifanya. Wenza wengine nisingeweza kuwaendea.

Zile chupa 17 nimezitoa karatasi na kasha. Naziuza kama mafuta ya kunukia kwa 12,000, bei ya udi, na hasara naibeba. Waliokwisha kununua kwa 35,000 waje na chupa, hata kama imebaki tone, nitawarudishia 23,000. Wamekuja saba. Dada wa mboga hajaja, namba aliyoniachia haipatikani. Kesho alfajiri nakwenda Ilala sokoni kumtafuta.